Tangazo la pedi la sekunde 30, na kosa langu la "saa nne"

Skripti yangu ya kwanza ya tangazo la pedi ilikuwa na maneno matamu kama asali. "Zile siku zako" zilikuwamo, "siri yako" ilikuwamo, na mwishoni "usiaibike tena". Mteja aliipenda sana. Kabla ya kurekodi nikaipeleka kwenye saluni moja Mbagala, nikawasomea wanawake waliokuwa wanasukwa na binti wa miaka 12 aliyekuja na mama yake. Nilipomaliza nikamuuliza binti: hiki kitu ni cha nini? Akafikiri kidogo, akasema, "Cha mtoto mchanga?"

Nikarudi nyumbani na skripti yangu mkobani.

Neno lililoniokoa lilikuwa "hedhi". Nilikuwa naliogopa, nikidhani litawashtua wazee sebuleni wakati wa taarifa ya habari ya saa mbili. Kumbe hilo ndilo neno wanalolijua kutoka madrasa, shuleni na kliniki, na halina mzaha ndani yake. Bibi mmoja pale saluni alipendekeza "kuvunja ungo". Ni msemo wa heshima, lakini unahusu mara ya kwanza tu, na wasichana wawili walicheka. "Siku zako" niliiondoa, maana asiyejua tayari haimwambii kitu.

Aibu yenyewe niliikuta kwenye vitenzi. Nilikuwa nimeandika "hutachafuka" na "hutavuja". Ukisema hivyo, mchafu ni nani? Ni yeye anayesikiliza, tena amekaa na baba yake. Nikahamisha kazi yote kwenye pedi: "pedi inanyonya damu isifike kwenye nguo". Damu imetajwa, matumizi yameeleweka, na hakuna mtu aliyenyooshewa kidole. "Usiaibike" nayo ikatoka. Mtu ambaye hakuwa na aibu, wewe ndiye unayemletea.

Kisha nikaacha kumsemesha mtazamaji. Huku kwetu pwani binti hufundishwa mambo haya na somo, shangazi au dada, si sauti nzito ya mwanamume inayomwambia "wewe msichana". Ukiwaweka dada na mdogo wake wakizungumza, walioko sebuleni wanakuwa wanasikia mazungumzo ya watu wengine. Baba hana sababu ya kunyanyuka kwenda kuangalia kama geti limefungwa.

Jaribio la pili lilinifundisha kitu ambacho nisingekiwaza. Niliandika "badilisha kila saa nne". Binti yuleyule akanieleza vizuri kabisa kwamba pedi inabadilishwa saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko ya chai. Mara moja tu, basi! Sasa naandika "kila baada ya masaa manne hadi sita". Mwalimu wa sarufi atanuna kwa hilo "masaa", ila sikioni ndilo linalotofautisha muda na saa ya ukutani.

Hii ndiyo iliyokwenda redioni. Ina maneno yasiyofika 60, na kwa sekunde 30 usizidishe hapo, vinginevyo msomaji atakimbia na maelezo yatapotea:

Mdogo: Dada, hedhi yangu imeanza.

Dada: Sawa mdogo wangu. Nawa mikono, chukua pedi. Upande wenye gundi ubandike katikati ya chupi, mabawa yakunje kwa chini. Pedi inanyonya damu isifike kwenye nguo. Ibadilishe kila baada ya masaa manne hadi sita, au mapema damu ikiwa nyingi.

Mdogo: Na iliyotumika?

Dada: Ifunge kwenye karatasi, itupe kwenye ndoo ya taka. Chooni usitupe, kitaziba.

Mteja alitaka kuongeza "haivuji kabisa". Nilikataa. Siku ya damu nyingi, pedi iliyokaa masaa manane inaweza kuvuja, na msichana atadhani kosa ni la mwili wake. "Inazuia magonjwa" pia niliifuta, kwa sababu pedi kazi yake ni kunyonya.

"Chupi" ilituletea ubishi. Nilipoweka "nguo ya ndani" redioni, mama mmoja alidhani ni shimizi, kwa hiyo redioni chupi ilibaki. Kwenye televisheni picha inaonyesha, kwa hiyo hapo dada anasema "nguo ya ndani" huku mchoro ukionyesha mabawa yanavyokunjwa, na hakuna anayepotea. Kile kimiminika cha bluu ambacho matangazo ya pedi humwaga badala ya damu tulikitoa. Mtoto mmoja alikiona kwenye picha za majaribio akauliza kama pedi inafuta wino.

Baada ya marekebisho nilirudi saluni, nikampa binti pakiti bila kumsomea chochote tena. Akatoa moja, akabandua karatasi ya gundi, akanigeuzia: "Huku ndiyo chini, si ndiyo?"