Majibu ya maabara yana namba mbili, usizichanganye

Nyie mnaoanza kupeleka maziwa kwa wanunuzi wenye maabara, hili mimi lilinila hela. Karatasi ya majibu inakuja na seli somatiki na jumla ya bakteria, na yoyote ikipanda unakatwa bei au maziwa yanarudishwa. Ulaya kwa mfano mwisho ni seli 400,000 na bakteria 100,000 kwa mililita, na wanaangalia wastani wa miezi kadhaa sio siku moja. Ila chanzo cha hizo namba ni tofauti.

Seli nyingi ni chembe nyeupe za ng'ombe mwenyewe, zinakimbilia kwenye kiwele kukiwa na maambukizi. Bakteria mara nyingi wanaingia njiani: chuchu chafu, mashine, tangi, au maziwa kuchelewa kupoa.

Mimi bakteria walifika 380,000 na seli ziko 160,000 tu, nikakurupuka kuwachoma ng'ombe dawa za kiwele, maziwa ya siku kadhaa nikamwaga, namba ikagoma kushuka. Siku nimechomoa raba za mashine nikaingiza kidole, kinateleza kama kimepakwa siagi. Kumbe maji ya kuoshea yalikuwa yanapoa kabla sijamaliza, na yakishuka chini ya nyuzi 40 hivi mafuta yanarudi kuganda palepale, bakteria wanapata kitanda. Sasa nasuuza na maji vuguvugu hapohapo nikimaliza kukamua, halafu sabuni ya alkali na maji yanayoanzia nyuzi 70, na asidi mara kwa mara kutoa ule ukoko mweupe. Maziwa yafike nyuzi 4 ndani ya masaa mawili, ila friji haiui bakteria, inawapunguza mwendo tu, maziwa machafu yakipozwa yanabaki machafu.

Seli zikipanda ndo unaenda kwa ng'ombe, na mara nyingi sio wote. Chukua ng'ombe kumi, kila mmoja lita 10, tisa wana seli 150,000 na mmoja ana milioni 3. Tangi linasoma 435,000! Mtoe huyo mmoja inarudi 150,000. Na unaweza usimjue kwa macho, maziwa yake yanaonekana safi tu. Tumia ile dawa ya kupimia maziwa inayoitwa CMT, kila chuchu kwenye kikombe chake, maziwa kidogo na dawa kiasi hichohicho, zungusha: ikiwa nzito kama mlenda, hiyo robo ya kiwele ina shida. Huyo mkamue wa mwisho, maziwa yake yasiingie tangini, na muite daktari aamue dawa maana kuna maambukizi ya zamani hayaponi hata umchome vipi. Waliobaki chovya chuchu kwenye dawa ya iodini kila ukimaliza kukamua, chuchu nzima sio ncha, na wape chakula wasimame kama nusu saa kabla hawajalala kwenye matope, tundu la chuchu linakuwa bado wazi.