Maswali na Majibu: Kutunga Hesabu za Riba kwa Mikopo ya Chama na Ada za Simu

Mwalimu, shikamoo. Nilitunga swali la mkopo wa chama, darasa likaniletea majibu matatu na kila mtu anadai yuko sahihi. Nimekosea wapi? (Mwalimu wa Kidato cha 3, Malindi)

Marahaba. Wanafunzi wako huenda wote wako sahihi, kwa sababu swali halikuwaambia riba inahesabiwa juu ya nini wala deni linarudishwa vipi. Tuseme uliandika kwamba muuza mahamri alikopa Sh 6,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, kwa muda wa miezi 3, kisha ukauliza atalipa jumla ya shilingi ngapi.

Mwanafunzi wa kwanza anachukua riba ya mkopo wa mwanzo, yaani Sh 600, akaitoza kila mwezi bila kujali kilichokwisha kulipwa, naye anapata Sh 7,800. Wa pili anachukulia kwamba mama yule anarudisha Sh 2,000 za mkopo kila mwezi, naye anatoza riba ya deni lililobaki tu, ambayo ni Sh 600, kisha 400, kisha 200, na jumla inakuwa Sh 7,200. Wa tatu anaona kwamba mama yule hakulipa chochote hadi mwisho na kwamba riba iliongezwa kwenye deni, hivyo deni linapanda kuwa 6,600, halafu 7,260, halafu 7,986. Huyu wa tatu peke yake ndiye aliyehesabu riba juu ya riba, na kanuni ya A = P(1 + r)^n haimfai mwingine yeyote kati yao.

Kabla ya kutunga, mwombe katibu wa chama akusomee kanuni ya mikopo kama ilivyo katika daftari lake, kisha uiandike kwa sentensi nzima: "Kila mwezi anarudisha Sh 2,000 za mkopo pamoja na asilimia 10 ya deni lililokuwapo mwanzoni mwa mwezi huo." Sentensi hiyo ni ndefu, lakini inafunga milango miwili kati ya mitatu. Mimi hupenda kuyaacha majibu yote matatu ubaoni kwanza, nikawauliza wanafunzi ni maneno gani yangelifanya kila moja kuwa sahihi.

Ada ya kutolea pesa kwa wakala niijumlishe kwenye riba?

Usiijumlishe, kwani ada hiyo haikui pamoja na deni, wala si asilimia. Katika bango la wakala nililonakili, kutoa kiasi chochote kuanzia Sh 101 hadi 2,500 hutozwa Sh 29. Anayetoa 200 amepoteza asilimia 14.5 ya pesa zake, na anayetoa 2,500 amepoteza kidogo zaidi ya asilimia 1. Bei hizi hubadilika, kwa hiyo chapisha jedwali lenyewe ndani ya swali, mwanafunzi asitegemee kumbukumbu.

Mfano ni mkopo wa simu wa Sh 2,000 unaotozwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Mkopaji ambaye simu yake haikuwa na kitu hawezi kutoa 2,000 zote. Anatoa 1,970, ada inakatwa 29, na shilingi 1 inabaki. Mwisho wa mwezi anadaiwa 2,150. Riba ni 150, lakini gharama yake halisi ni 179, yaani karibu asilimia 9 ya 1,971 zilizomfaa. Asipolipa, na sharti la mkopo likawa kutoza tena asilimia ileile juu ya deni lote, anadaiwa 2,311.25. Ile 29 haitozwi mara ya pili, na hapo ndipo wengi hukosea.

Wazazi wa wanafunzi wangu hapa Lamu hawapendi watoto wafundishwe riba. Nifanyeje?

Waheshimu, na uwaeleze kwamba kuhesabu si kuhalalisha. Aya ya 130 ya Aal Imran inakataza kula riba kwa kuzidishwa maradufu, na mtoto anayeweza kuhesabu ataona kwa shilingi jinsi deni linavyozidi. Kwa mazoezi mengine tumia kikundi kinachokopeshana bila riba, au kinachonunua mashine ya boti na kumuuzia mwanachama kwa faida iliyotajwa tangu mwanzo na isiyoongezeka akichelewa.

Michango ya kila mwezi niitungie vipi?

Kosa la kawaida ni kujumlisha michango yote na kuikuza kana kwamba iliwekwa siku moja. Mwanachama akiweka Sh 1,000 mwisho wa kila mwezi kwa miezi 3, na akiba ikikua asilimia 2 kwa mwezi, mchango wa kwanza umekaa miezi 2 na kufika 1,040.40, wa pili ni 1,020, na wa tatu bado ni 1,000. Jumla ni Sh 3,060.40. Aliyekuza 3,000 kwa miezi 3 ataleta 3,183.62, nawe utajua papo hapo alipokosea. Taja daima kama mchango unawekwa mwanzo au mwisho wa mwezi, na anza na miezi 3 iliyochorwa kwa mstari wa muda kabla ya kuwapa 12.