Kutafsiri kejeli ya Mwitaliano

"Wakuu, niko Iringa. Mteja wa mgahawa kaandika: «Due ore di attesa per una carbonara fredda. Complimenti!» Nyota 1. Hiyo ya mwisho niandike 'Pongezi'?"

Hapana, ndugu. "Pongezi" inanukia barua ya ofisini, na msomaji ataona mteja kasifia kweli. Complimenti hupongeza kwa dhati au kwa kejeli. Hapa nyota moja na chakula kilichopoa vinakuonyesha ni kejeli. Ningeandika: "Tumekaa saa mbili nzima kungoja tambi za karbonara, zikaja zimepoa. Hongereni kwa kweli!" Hilo "kwa kweli" ndilo linalouma. Usiandike "huduma mbovu sana", maana hapo umeshaifafanua kejeli badala ya kuitafsiri. Wala usiongeze tusi, mwenyewe hakutukana.

"Nzima" nayo usiitoe. "Tulisubiri saa mbili" mtu anaweza kuelewa walingoja mpaka saa mbili usiku.

Mimi rasimu zangu humsomea mama ntilie mmoja hapa Mwanjelwa, Mbeya, bila kumtajia nyota. Ya kwanza, yenye "pongezi", aliniuliza huo mgahawa uko wapi. Ya pili aliguna tu: "Kasemwa huyo!"