Msilazimishe stetimenti ikubaliane na orodha: maneno machache kwa wanaoanza kushika fomu na M-Pesa

Wiki jana nilikuwa Nakuru kusaidia vijana fulani waliokuwa wanaandaa semina, na nikapata mmoja wao ameketi saa tano usiku mbele ya laptopu, stetimenti ya M-Pesa upande huu, orodha ya usajili upande ule, anatafuta nani amelipa kwa kuangalia majina na macho yamekuwa mekundu. Nikamuuliza hii umeipata wapi akasema account namba ni "SEMINA" na kiasi kinafanana, kwa hivyo huyu lazima ni Wanjiku. Wanjiku gani, mpendwa? Nikakaa chini, nikaitisha chai, maana huo ugonjwa naujua, niliugua mwenyewe.

1. Mnajua Paybill ya kawaida inakubali chochote mtu ameandika kwa account. Umewaambia waandike namba ya usajili, wao wanaandika jina la mtoto, namba ya simu, "fee", "workshop", mwingine aliniandikia "Mungu ni mwema" na nikamtafuta siku tatu. Kuna njia ya kufanya mfumo ukatae account ambayo haiko kwa orodha, lakini lazima iombwe iwashwe na uwe na mtu wa kompyuta, na wengi wetu hatuna. Till nayo ndiyo kabisa, haina hata mahali pa kuandika account. Kwa hivyo account ichukue kama fununu tu. Kitu cha kushikilia ni ile namba ya risiti ya herufi kumi inayoanza meseji, hiyo haijirudii.

2. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo niliumia.

Mwaka jana Kisumu, mafunzo ya siku mbili, ada 2,500. Fomu ilikuwa na kisanduku cha kuandika namba ya risiti. Nikachukua stetimenti, nikaweka VLOOKUP kwa Excel itafute kila risiti ya fomu kwa stetimenti, wengi wakaingia, lakini karibu ishirini wakatoa `#N/A`, yaani risiti haikuonekana. Usiku umeenda, kesho ni siku yenyewe, nikaanza kuwapanga kwa mkono kwa kuangalia jina na pesa. Sasa kulikuwa na Akinyi wawili, mmoja wa Kondele na mwingine wa Ugunja. Kwa stetimenti kulikuwa na 2,500 moja, account "AKINYI", na jina la mlipaji lilikuwa Akinyi na jina la baba ambalo halikuwa kwa fomu ya yeyote kati yao, maana mmoja alijisajili na jina la bwana yake na mwingine na jina la ubatizo. Orodha nilikuwa nimeipanga kwa alfabeti, Akinyi wa Kondele akawa juu, nikampa. Tiki.

Halafu nikajumlisha. Pesa iliyoingia 372,500, watu wenye tiki 149, mara 2,500 ni 372,500. Imetoshana mpaka shilingi! Nikalala usingizi wa mtoto. Hiyo ndiyo sumu yenyewe wandugu, jumla itakubaliana hata kama pesa umempa mtu si wake, kwa sababu tiki ni tiki.

Asubuhi Akinyi wa Ugunja akafika getini, ametoka kwao kungali giza. Hana tiki. Akatoa simu akanionyesha meseji, nikatafuta ile namba kwa laptopu, nikaiona, nikamwambia mbele ya foleni yote, na sauti yangu haikuwa ndogo, "Madam, hii risiti imeshatumika na mtu mwingine." Alininyamazia tu. Hakugombana. Akasogea kando akaketi kwa ile ngazi ya mlango, watu wakimpita wanamwangalia kama mwizi. Saa nzima. Ningempigia magoti siku hiyo lakini aibu pia ilikuwa imenishika, nikajifanya niko bize na printa.

Nilipotulia ndiyo nikaona. Risiti yake kwa stetimenti ilikuwa hivi TEE40K7RXQ. Kwa fomu alikuwa ameandika TEE4OK7RXQ. Angalia tena ya tano: moja ni sifuri, nyingine ni O. Alikuwa anajaza fomu kwa saiba huku anasoma meseji kwa kasimu kadogo, sasa nani angejua? Namba za M-Pesa zina O na sifuri zote mbili, zina I na moja. Ningesafisha pande zote mbili kwanza angeingia peke yake bila mimi kubahatisha:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(LEFT(UPPER(TRIM(B2)),10),"O","0"),"I","1")
```

Hiyo weka kwa kolamu mpya kwa fomu NA kwa stetimenti, halafu VLOOKUP itumie hizo kolamu mpya. Ile LEFT ni ya wale wanaobandika meseji nzima, maana namba ndiyo ya kwanza. Asili usiiguse, nimeona mtu akirekebisha stetimenti yenyewe ndiyo ifanane na fomu, hapo hata ukiulizwa na mweka hazina huna pa kurudi.

Na kulikuwa na dalili nyingine nilikuwa naikanyaga. Herufi tatu za kwanza ni tarehe: T ni 2025, E ni mwezi wa tano, halafu siku, 1 mpaka 9 kisha A ni 10, B ni 11, kwa hivyo E ni 14. Hiyo pesa ililipwa tarehe 14 Mei. Akinyi wa Ugunja alijaza fomu tarehe 14. Wa Kondele alijaza tarehe 19! Mtu analipa siku tano kabla hajajisajili? Inaweza kutokea, lakini inatosha kukusimamisha upige simu. Na ukiona kwa fomu mtu ameandika herufi tatu ambazo ni tarehe haiwezekani, kama mwezi Z, ujue amekosea kuandika ama ameibuni.

Wa Kondele kwani? Nilimpata saa ya chai. Kwa kisanduku cha risiti alikuwa ameandika "NIMELIPA" kwa sababu fomu ilikataa kutumwa tupu, alipanga kulipa getini, kufika getini akaambiwa jina lako liko sawa mama, pita. Akapita. Wewe ungefanyaje? Alinitumia 2,500 hapo hapo akicheka.

3. Risiti moja kwa watu wawili VLOOKUP haitakwambia, inawapa wote tiki na heshima zote. Weka COUNTIF ihesabu kila namba imetokea mara ngapi kwenye ile kolamu ya fomu iliyosafishwa, chochote zaidi ya 1 unauliza. Mara nyingi si wizi, ni mtu amelipia kikundi, 10,000 za watu wanne.

4. Wasioeleweka wabaki wasioeleweka. Kolamu ya tatu, "HAIJULIKANI", na hesabu yako iwe: iliyoingia ni sawa na iliyopewa watu ukiongeza inayoning'inia. Namba za simu kwa stetimenti siku hizi zimezibwa katikati, kwa hivyo mtu akipiga mwambie akutumie meseji yenyewe, si picha ya kukata kata, na umuulize saa aliyolipa.

5. Getini mtu akiwa na meseji na wewe una shaka, mwingize, andika pembeni, tatua saa ya lunchi.

Yule kijana wa Nakuru tulimaliza naye saa saba. Alibaki na safu tatu hazina mwenyewe, 7,500, anataka kuzigawia majina ya karibu karibu ndiyo faili "iwe klini". Nikafunga laptopu yake na mkono wangu. Asubuhi wawili walipiga. Wa tatu, account "BARAKA", hajapiga mpaka leo.