Bango la vidakuzi likifunika ukurasa: kwanza jua limekwama wapi

*«Habari za humu wakuu. Najaza maombi ya chuo cha nje kwa simu, lakini lile bango la vidakuzi, yaani cookies, limefunika ukurasa wote. Naona maelezo tu, vitufe vya kukubali au kukataa sivioni, na ukurasa hausogei hata kidogo. Mwisho wa maombi ni wiki hii. Nifanyeje?»*

Ndugu yangu, kabla hujafuta chochote kwenye simu, weka kidole katikati ya maandishi ya bango hilo, uvute taratibu kwenda juu, kisha uangalie kinachosogea. Maandishi ya bango yakisogea, vitufe viko chini yake na utavifikia ukiendelea kuvuta. Bango likitulia, na ukurasa ulio nyuma yake ukatulia vilevile, basi vitufe vimeangukia nje ya kioo, na kuvuta hakutavileta. Ipo pia hali ambayo vitufe vinaonekana lakini ukivigusa havijibu, au bango halionekani kabisa huku ukurasa ukiwa umeganda. Hali hizi mtu huziona kuwa ni moja, lakini kila moja ina chanzo chake, na dawa ya hii haitibu ile. Kwa maelezo yako, naamini wewe uko katika hali ya pili.

Ninaendesha stesheneri hapa Morogoro, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwasaidia watu kujaza maombi mtandaoni. Mwaka 2023 mpwa wangu alikuwa anaomba shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha Ulaya, na alianza kujaza fomu kwa simu yake akiwa nyumbani. Alinijia jioni na kuniambia, «Mjomba, kitufe kipo, naona ncha yake, lakini hakipandi.» Nilipoitazama ile simu niliona maandishi marefu ya bango yamejaa kioo chote, na chini kabisa palikuwa na mstari mwembamba wa buluu, mwembamba kama ukucha uliokatwa, ambao ndio uliokuwa ukingo wa juu wa kitufe. Kidole hakikupata pa kugusa.

Chanzo chake ni hiki. Watengenezaji wengi wa tovuti hupima urefu wa bango kwa kipimo kinachoitwa `100vh`, maana yake ni urefu wote wa kioo. Kwenye simu, kipimo hicho huhesabiwa kana kwamba upau wa anwani ulio juu ya kivinjari umekwisha kujificha, ilhali unapofungua ukurasa upau huo bado upo na umechukua nafasi yake. Kwa hiyo bango linakuwa refu kuliko sehemu inayoonekana, na kilichozidi, ambacho kwa kawaida ndicho chenye vitufe, kinashuka nje ya kioo. Upau wa anwani hujificha pale tu mtu anapousogeza ukurasa, na bango hizi huufunga ukurasa usisogee mpaka uwe umechagua. Huwezi kuchagua bila kusogeza, na huwezi kusogeza bila kuchagua. Ukiwa umekuza maandishi ya simu kwa ajili ya macho, kama alivyokuwa amefanya mpwa wangu, maelezo ya bango huongezeka urefu na kuvisukuma vitufe chini zaidi.

Dawa ya hali hiyo ni kuongeza nafasi kwenye kioo, na njia iliyotufaa siku ile ni kufungua menyu ya Chrome, yaani vile vidoti vitatu, na kuweka tiki kwenye `Desktop site`. Hapo kivinjari hupanga ukurasa kana kwamba kioo kina upana wa pikseli 980 hivi badala ya 360 au karibu na hapo, kila kitu kinakuwa kidogo sana, na bango zima linaingia ndani ya kioo pamoja na vitufe vyake. Panua kwa vidole viwili, gusa kitufe unachokitaka, kisha uondoe ile tiki ili uendelee kujaza fomu kwa ukubwa wa kawaida. Chaguo lako linabaki limehifadhiwa, kwa hiyo bango halirudi. Isipofaa, nenda kwenye mipangilio ya simu yenyewe, upunguze ukubwa wa maandishi na ukubwa wa vitu kwenye kioo hadi kiwango cha chini, upakie ukurasa upya, na ukimaliza uvirudishe vilivyokuwa. Kuilaza simu sikushauri, kwa sababu kioo kinakuwa kifupi zaidi na vitufe vinazidi kwenda mbali. Kwenye kompyuta kazi ni nyepesi: bonyeza `Ctrl` pamoja na alama ya kutoa mara kadhaa hadi ufike asilimia 50, chagua, kisha `Ctrl` na sifuri kurudi ulipokuwa.

Kosa langu mimi lilianzia hapo kwenye kompyuta. Baada ya kupita bango la simu tuliamua kuhamia dukani ili kupakia vyeti, na kwenye mashine yangu ukurasa uleule ulifunguka bila bango lolote, lakini haukusogea juu wala chini. Kwa kuwa nilikuwa nimetoka kutatua tatizo la simu, niliamini ni lilelile, nikapunguza ukubwa, nikabadilisha dirisha, nikazima na kuwasha kivinjari, na asubuhi yote ikapita. Tofauti niliyopaswa kuitambua mapema ni kwamba mashine yangu ina kizuia matangazo. Vizuizi hivi vina orodha za kuficha mabango ya vidakuzi, na hapa kilikuwa kimelificha bango lenyewe bila kuiondoa ile amri ya kuufunga ukurasa, kwa hiyo mlinzi alikuwa ameondoka lakini geti limebaki na kufuli.

Kufuli hilo linafunguka. Bonyeza `F12`, chagua `Console`, andika mistari hii miwili na ubonyeze `Enter`. Chrome inaweza kukataa kubandika kitu hapo mara ya kwanza hadi uandike maneno inayokuelekeza, na inafanya hivyo kwa sababu nzuri, maana matapeli huwapa watu mistari ya kubandika mahali hapo. Kwa hiyo hii iandike kwa mkono:

```js
document.documentElement.style.setProperty("overflow", "auto", "important");
document.body.style.setProperty("overflow", "auto", "important");
```

Ukurasa ukaanza kusogea, na mpwa wangu akajaza kila kitu hadi mwisho. Kitufe cha kutuma kikabaki cha kijivu. Hatukupata ujumbe wa kosa, wala hapakuwa na sehemu yenye rangi nyekundu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba juu ya kitufe hicho kulikuwa na nafasi nyeupe iliyo wazi, na kwamba hapo ndipo palipopaswa kutokea kile kisanduku cha kuthibitisha kuwa anayejaza ni mtu. Kisanduku cha aina hiyo mara nyingi huletwa kutoka kwa kampuni nyingine, na tovuti nyingi za Ulaya hukizuia hadi mgeni awe amejibu bango la vidakuzi. Sisi hatukuwa tumekubali wala kukataa. Tulikuwa tumepita dirishani, na tovuti ilikuwa bado inasubiri jibu mlangoni.

Hili ndilo ningependa ulizingatie zaidi kuliko yote, kwa kuwa na wewe unajaza fomu. Kulifuta au kulificha bango kunafaa mtu anayetaka kusoma habari na kuondoka, lakini kwa fomu, malipo au kupakia nyaraka ni lazima bango lijibiwe. Tulikizima kizuia matangazo kwa tovuti ile moja tu, tukapakia ukurasa upya, bango likatokea, tukafungua sehemu ya mipangilio yake na kuruhusu vidakuzi vya lazima pamoja na kundi lililotajwa kuwa la utendaji wa tovuti, tukaacha ya matangazo na ya takwimu. Kisanduku kikatokea, kitufe kikawa na rangi, na maombi yakaenda saa tatu kasoro usiku. Majibu yote ya fomu yalikuwa yamefutika kwa kule kupakia upya, na tuliyaandika tena kuanzia mwanzo, kwa hiyo wewe hakikisha bango limejibiwa kabla hujaandika hata jina lako.

Ikiwa baada ya kujibu bango linarudi kila unapoufungua ukurasa tena, hapo kivinjari chako kinakataa kuhifadhi vidakuzi, na kwa hiyo hakiwezi kuhifadhi hata lile jibu lako. Angalia kama hukuzima vidakuzi vyote kwenye mipangilio, na kama huko kwenye dirisha fiche, ambalo husahau kila kitu ukilifunga.

Usiogope pia kubonyeza kitufe cha kukataa ukikiona. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inataka ridhaa itolewe kwa hiari na kuiondoa kuwe rahisi kama kuitoa, na sheria hiyo inakifuata chuo kilichoko huko hata kama mwombaji ameketi Morogoro. Mwanzoni mwa 2022 mamlaka ya data ya Ufaransa ilitangaza kuitoza Google faini ya euro milioni 150 na Facebook euro milioni 60 kwa sababu kukataa vidakuzi kwenye kurasa zao hakukuwa rahisi kama kukubali. Kitufe cha kukataa kilichofichika chini ya kioo hakimpi mtu hiari yoyote, na mimi nakichukulia kuwa ni kosa la tovuti, si la simu yako wala la macho yako.

Kwa hiyo ukishamaliza maombi yako, waandikie. Sisi tuliandika barua pepe kwa ofisi ya udahili tukataja aina ya simu, toleo la kivinjari, na kwamba maandishi yalikuwa yamekuzwa, tukaambatanisha picha ya kioo yenye ule mstari wa buluu. Tuliongeza na marekebisho yenyewe, kwa sababu ni mafupi na fundi wao angeyaelewa mara moja (hilo neno la kwanza ni mfano tu, jina halisi analijua yeye):

```css
.bango {
  max-height: 100dvh;
  overflow-y: auto;
}
```

Kipimo cha `dvh` hufuata sehemu inayoonekana kweli, upau wa anwani uwepo au usiwepo, na vivinjari vikubwa vyote vimekuwa nacho tangu 2022. Mstari wa pili unaruhusu bango lenyewe kusogezwa kwa kidole. Baada ya wiki mbili hivi mpwa wangu alifungua ukurasa ule kwa simu yake ileile, yenye maandishi makubwa yaleyale, na vitufe vyote viwili vilikuwa juu ya kioo.

Ukishaweka tiki kwenye `Desktop site`, rudi hapa utueleze ulichokiona. Bango likiendelea kukataa, taja aina ya simu na kivinjari, na kama una kizuia matangazo, kisha uweke picha ya kioo. Ila ufunike jina lako na namba ya maombi kabla ya kuipandisha.