Visima viwili kati ya sita: namna ya kumweleza mfadhili matumizi ya Februari

Swali: *Ndugu mshauri, tunakarabati visima vya pampu ya mkono wilayani Kasulu. Februari tulipanga visima sita tukamaliza viwili, kwa sababu mto Ruchugi ulijaa na vipuri tuliviagiza tarehe 9 badala ya mwezi Januari. Bajeti ya mwezi ni shilingi 20,500,000. Mimi nina matumizi ya 14,000,000, lakini mhasibu anasema ni 15,800,000. Mkurugenzi anataka barua pepe ya mfadhili iseme ni mvua tu. Niandikeje?*

Jibu: Nashukuru kwa jedwali la bajeti ulilonitumia, maana bila hilo ningekujibu kwa kubahatisha. Tuanze na hizo takwimu mbili, kwa sababu mfadhili akiona kiasi kimoja kwenye barua yako na kingine kwenye taarifa ya fedha ya robo mwaka, hatasoma tena maelezo yako kwa imani.

Wewe na mhasibu wote mko sahihi. Shilingi 1,800,000 mnazotofautiana ni masurufu waliyopewa mafundi kwa ajili ya ufundi wa visima vitatu ambavyo bado havijaguswa. Fedha hiyo imetoka benki, kwa hiyo mhasibu anaiona imeondoka, lakini hakuna kazi iliyofanyika wala risiti iliyorejeshwa, kwa hiyo bado si matumizi. Katika barua andika matumizi yaliyothibitishwa kuwa 14,000,000, kisha sentensi inayofuata itaje masurufu ya 1,800,000 ambayo hayajarejeshwa, pamoja na tarehe ya kuyarejesha. Na kwa kuwa vipuri havijafika, ningemshauri mhasibu azirudishe fedha hizo benki sasa, kisha azitoe upya kazi itakapoanza. Masurufu yanayokaa mkononi mwa fundi wiki tano bila kazi ni jambo la kwanza ambalo mkaguzi huliulizia.

Sasa tuje kwenye pengo lenyewe. Ukitoa 14,000,000 kwenye 20,500,000, zinabaki 6,500,000, na ukiandika tu kwamba mmetumia asilimia 68 ya bajeti, mfadhili atadhani mmebakiwa na fedha na jambo limeishia hapo. Jedwali lako linasema vingine. Fungu la ukarabati lilikuwa 12,000,000 na mmetumia 4,000,000, kwa hiyo pungufu ni 8,000,000. Fungu la mafunzo lilikuwa 6,000,000 na mmetumia 6,900,000, kwa sababu kamati za visima vya ng'ambo ya mto hazikuweza kurudi nyumbani zikalala Kasulu mjini usiku mmoja zaidi. Fungu la usafiri lilikuwa 2,500,000 na mmetumia 3,100,000, kwa sababu gari lilizunguka njia ndefu. Kwa hiyo hizo 6,500,000 zilizobaki ni zile 8,000,000 ukitoa shilingi 1,500,000 mlizozidisha kwenye mafunzo na usafiri. Zile 8,000,000 zitatumika mwezi Machi zote, kwani 5,600,000 ni vipuri vilivyokwisha kuagizwa na 2,400,000 ni ufundi wa visima vinne. Hizi 1,500,000 hazitarudi, na mkinyamaza sasa zitaonekana mwisho wa mwaka, mafungu yakiwa yameshakauka.

Ukiliangalia jedwali hilo kwa makini utaona pia kwa nini siwezi kukubaliana na mkurugenzi wako. Mvua inaeleza kile mlichozidisha. Kile ambacho hamkutumia kinaelezwa na agizo lililochelewa, kwani hata mto ungekuwa mkavu, tarehe 9 Februari hamkuwa na bomba wala pampu za visima vile vinne. Isitoshe, mfadhili anayefanya kazi Kigoma anajua kwamba mvua za huku huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili hivi, kwa hiyo atauliza kwa nini mvua ya Februari iliwashtua. Niliwahi kuwa afisa mradi katika shirika ambalo kwa miezi mitatu mfululizo liliandika “hali ya hewa”, hadi msimamizi wa ruzuku akaomba kuona tarehe za nukuu za bei. Tarehe hizo zilieleza kila kitu, na tangu hapo kila taarifa yetu ilidaiwa viambatisho ambavyo mashirika mengine hayakudaiwa. Naumia nikikumbuka kwamba sentensi moja ya kweli katika mwezi wa kwanza ingetosha.

Hivyo mweleze mkurugenzi kwamba kukiri ucheleweshaji si kujishtaki, mradi sentensi ya kukiri ifuatwe na hatua mliyochukua. Mimi ningeiandika sehemu hiyo hivi:

> Mwezi Februari tulikamilisha visima 2 kati ya 6 vilivyopangwa na kutoa mafunzo kwa kamati zote 6. Visima 4 havikukamilika kwa sababu agizo la vipuri, lililopaswa kutolewa Januari, lilitolewa tarehe 9 Februari. Mzabuni ameahidi kwa maandishi kuvifikisha Kasulu ifikapo tarehe 12 Machi, na kuanzia sasa maagizo yatatolewa siku 45 kabla ya kazi. Kujaa kwa mto Ruchugi kuliongeza gharama za malazi ya washiriki kwa sh. 900,000 na za usafiri kwa sh. 600,000. Tunaomba idhini ya kufidia sh. 1,500,000 hizo kutoka fungu mtakaloridhia.

Tarehe ya mzabuni na idadi ya siku nimeweka za mfano, wewe weka za kwenu. Angalia pia kwamba neno “kukamilika” linahitaji maana moja katika kila barua. Kisima kimekamilika pale pampu inapofanya kazi, maji yamepimwa na jumuiya ya watumia maji imekipokea kwa saini, si pale fundi anapokaza boliti ya mwisho. Kama kimoja kati ya vile viwili kinasubiri majibu ya kipimo, sema hivyo.

Kuhusu idhini, fungua mkataba wenu wa ruzuku kabla ya kutuma. Mikataba mingi huruhusu kuhamisha fedha kati ya mafungu hadi asilimia fulani bila kuomba, lakini soma asilimia hiyo inahesabiwa kwenye nini. Shilingi 600,000 ni asilimia 24 ya usafiri wa mwezi, ila kama fungu la usafiri la mwaka ni 30,000,000, ni asilimia 2 tu, na huenda mnahitaji kutoa taarifa pasipo kuomba chochote. Jambo nisilotaka ulifanye, hata ukibembelezwa, ni kuhamishia risiti za mafuta kwenye fungu la ukarabati kwa kuwa huko kuna nafasi. Mkaguzi huchukua risiti ya mafuta, akatazama tarehe na namba ya gari, kisha akafungua kitabu cha safari ukurasa wa siku hiyo. Akikuta gari lilipeleka washiriki wa mafunzo, gharama hiyo inakataliwa na shirika linairudisha kwa fedha zake.

Kichwa cha barua pepe kibebe habari yenyewe, kwa mfano “Taarifa ya Februari: visima 2 kati ya 6, matumizi 68%, ombi la idhini ya sh. 1,500,000”, kwani msimamizi wa ruzuku hupokea barua nyingi za namna hii mwanzoni mwa mwezi na ombi lililofichwa aya ya tano hukaa bila jibu. Chini ya maelezo weka jedwali dogo lenye bajeti ya mwezi, matumizi ya mwezi na jumla tangu mradi uanze. Picha mbili zinatosha, moja ya kisima kilichokamilika na moja ya kivuko kilichofunikwa na maji, zote zikiwa na tarehe na jina la kijiji.

Barua ikiwa tayari, mpe mhasibu aisome kabla ya mkurugenzi, na asiitie alama ya kukubali mpaka zile 14,000,000 na 1,800,000 zilingane na taarifa ya benki ya tarehe 28.