UPS ndogo ya ruta na modemu

"Umeme unakatika ovyo, modemu imeshaungua. Nitumie nini ruta isizime?"

Nunua UPS ndogo ya DC, yenye tundu za volti 5, 9 na 12. Kwanza soma adapta zako: kama zote mbili zimeandikwa 12V 1A, tafuta UPS inayotoa 2A kwa jumla. Usiiache modemu nje ya UPS, maana Wai-Fai itaonekana kwenye simu lakini intaneti haitakuwepo.

Namba ya boksini inapotosha. 10,000 mAh huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri, yaani saa-wati 37, na nyingine hupotea katika kupandisha volti, zinabaki kama 30. Vifaa viwili vikila wati 10 kwa pamoja, una saa tatu hivi betri ikiwa mpya.

Anayesema UPS pekee inatosha yuko sahihi kwa kukatika tu. Umeme ukirudi kwa kishindo, adapta ndiyo inayopigwa kwanza. Weka gadi ya tivii kati ya soketi na adapta. Hukata volti zikipanda, na umeme ukirudi husubiri utulie. Kwa radi haitoshi: chomoa kila kitu, hata waya unaoshuka kutoka antena ya paani.

Na kama una inverta ya sola, ruta ikijiwasha upya kila umeme ukikatika, huenda inverta inachelewa kuhamia betri. UPS hiyohiyo huziba pengo hilo.

Muulizaji, umejaribu adapta nyingine? Mara nyingi huungua adapta tu na modemu ikabaki nzima.